Sabini na Nane ya Nani?

Shangazi yangu alinipigia simu usiku, siku mbili kabla ya mtihani wangu. Nikamwamkia, akaitikia haraka haraka, halafu akaenda moja kwa moja kwenye jambo lake. "Mwanangu, wewe si unasoma hayo mambo ya saikolojia? Mdogo wako amepimwa akili shuleni. Amepata sabini na nane. Mimi nilipoiona nikafurahi, sabini na nane si ni A kabisa? Kumbe leo mwalimu ameniita, ananiambia mtoto ni mzito, bora arudie darasa."

Ndugu msomaji, hapo kuna watu wawili wanaosoma namba moja. Mmoja ameiona kwa macho ya matokeo ya kidato cha nne, ambako 75 na kuendelea ni A. Mwingine ameiona kama hukumu. Wote wawili wamekosea, na mtoto wa miaka tisa yuko katikati anasubiri kujua kama mwaka ujao atakaa na wenzake au na wadogo zake.

Nilimwomba shangazi anipigie picha ile karatasi. Ilikuwa na mistari mitatu tu: jina la kipimo, alama ghafi 22 kati ya 36, na chini yake IQ 78. Hakuna zaidi. Mjadala wote wa makala hii unatoka kwenye pengo lililopo kati ya ule mstari wa pili na wa tatu. Ishirini na mbili inageukaje kuwa sabini na nane?

Namba ya kwanza haisemi kitu

Kipimo alichofanya mdogo wangu ni kile cha picha kilichotungwa na Mwingereza John Raven, toleo la rangi la watoto. Mtoto anaonyeshwa mchoro wenye kipande kilichokatwa, na chini yake vipande sita. Achague kinachoziba pengo. Maswali yako 36, kumi na mawili katika kila seti ya seti tatu, na yanaanza mepesi na kuzidi ugumu. Jibu sahihi ni alama moja. Ukijumlisha, unapata alama ghafi.

Sasa, 22 kati ya 36 ni nyingi au kidogo? Hapa wengi wetu tungekimbilia kugawanya, tupate asilimia 61, tuseme "si haba". Lakini asilimia hiyo haina maana yoyote hapa. Mtunzi angeongeza maswali kumi mepesi ingepanda, na angeongeza kumi magumu ingeshuka, mtoto akiwa yule yule. Mtihani wa chuo angalau una silabasi: ukipata 61 tunaweza kudai kwamba unajua kiasi fulani cha yaliyofundishwa. Kipimo cha akili hakina silabasi. Hakuna "akili yote" ambayo mtoto angetakiwa kuwa nayo ili tuseme amepata sehemu kadhaa.

Kwa hiyo watunzi wanafanya jambo jingine. Badala ya kuuliza mtoto amepata ngapi, wanauliza: watoto wengine wa umri wake walipata ngapi?

Wazo hili ni la zamani. Mfaransa Alfred Binet na mwenzake Théodore Simon walipotoa kipimo chao mwaka 1905, kazi ilikuwa kutambua watoto wa shule za Paris waliohitaji msaada zaidi. Baadaye ukaja mtindo wa kumpa mtoto "umri wa akili". Mtoto wa miaka minane anayefanya kama watoto wa miaka kumi alihesabiwa kuwa na umri wa akili wa miaka kumi. Mjerumani William Stern akapendekeza mwaka 1912 kwamba umri huo ugawanywe kwa umri halisi. Ukizidisha kwa mia, kumi kwa nane inakupa 125. Jina la IQ limetokana na mgawanyo huo.

Lakini mgawanyo uligonga ukuta kwa watu wazima. Mtu wa miaka arobaini anayefanya sawa na wa ishirini hana nusu ya akili. Ni kwamba tu alama haziongezeki kila mwaka kama urefu wa mtoto. David Wechsler, katika kipimo chake cha watu wazima cha mwaka 1939, aliuacha mgawanyo akaweka nafasi ya mtu ndani ya kundi la rika lake. Leo karibu vipimo vyote vikubwa vinafuata njia hiyo. Jina limebaki, mgawanyo haupo tena. Hata wanaosoma saikolojia wenzangu hili huwa linawapita.

Twende hatua kwa hatua

Kabla kipimo hakijauzwa, watunzi wanakipeleka kwa kundi kubwa la watu waliochaguliwa wawakilishe jamii fulani: umri, jinsia, mkoa, elimu ya wazazi. Alama za kundi hilo zinawekwa kwenye majedwali kwa kila umri. Majedwali hayo ndiyo kaida za kipimo, na kundi lenyewe ndilo kundi la kulinganishia.

Namba nitakazotumia hapa ni za mfano wa kuelewea, si za kitabu cha kipimo. Tuseme kwenye kundi la kulinganishia, watoto wa miaka tisa walipata wastani wa 28, na mkengeuko sanifu ulikuwa 4. Mkengeuko sanifu, kwa waliokimbia takwimu mwaka wa kwanza, ni kipimo cha jinsi alama zilivyotawanyika: kwa kawaida mtoto yuko umbali wa kama alama 4 kutoka kwenye wastani, juu au chini.

Mdogo wangu ana 22. Yuko chini ya wastani kwa alama 6. Gawa 6 kwa 4, unapata 1.5. Maana yake yuko mikengeuko mmoja na nusu chini ya wastani. Sasa watunzi wamekubaliana tu, kama vile watu walivyokubaliana kwamba maji yagande kwenye sifuri, kwamba wastani uitwe 100 na mkengeuko mmoja uitwe 15. Kwa hiyo:

```
100 - (1.5 x 15) = 77.5
```

Ukikadiria, ni 78. Hiyo ndiyo sabini na nane ya shangazi. Katika kazi halisi mpimaji hapigi hesabu hii, anafungua jedwali na kusoma, maana alama za watoto hazitawanyiki kwa uzuri namna hii. Lakini maana ni ile ile.

Ukiielewa hesabu hiyo, kosa la shangazi linajiondoa lenyewe. Namba 78 si alama kati ya mia. Kwa kipimo cha namna hii, mtu wa kati kabisa hupata 100, na zaidi ya theluthi mbili ya watu wako kati ya 85 na 115. Namba inayosomeka vizuri zaidi ni pasentaili, yaani katika watoto mia wa rika lake, wangapi wako chini yake. IQ 100 ni pasentaili ya 50. IQ 85 ni ya 16, na 70 ni ya 2. Ile 78 inaangukia karibu na pasentaili ya 7.

Kuna kosa lingine linalofanana, nalo lipo sana hapa chuoni kwa wale wanaojipima kwenye simu kisha wanatamba bwenini. Jamaa anasema ana 120, mwenzake 100, basi eti amemzidi akili kwa asilimia 20. Hapana. Kipimo hiki hakina sifuri ya kweli, ni foleni tu. Namba inakwambia umesimama wapi kwenye foleni, haisemi umebeba kiasi gani. Na hata hatua za foleni hazilingani kwa idadi ya watu: kutoka 100 hadi 110 unawapita watu kama 25 katika kila mia, lakini kutoka 130 hadi 140 humpiti hata mtu wawili, kwa kuwa huko juu watu ni wachache.

Foleni ya wapi, na ya lini?

Hapa ndipo nilipomuuliza shangazi swali ambalo mwalimu hakuwa na jibu lake: mtoto amelinganishwa na nani? Mwalimu alisema, "Na watoto wa miaka tisa." Sawa, watoto wa miaka tisa wa wapi?

Rudi kwenye mfano wetu. Tuseme badala ya kundi lile la kwanza tungekuwa na kundi la watoto wa miaka tisa wa shule kama ya mdogo wangu, lenye wastani wa 23 na mkengeuko wa 5. Alama ghafi ni ile ile 22. Yuko chini ya wastani kwa 1. Gawa kwa 5, ni 0.2. Zidisha kwa 15, ni 3. Toa kwenye 100, unapata 97. Mtoto yule yule, karatasi ile ile, majibu yale yale, na sasa yuko kwenye pasentaili ya 42. Mwalimu asingepiga simu.

Je, 97 ndiyo kweli na 78 ndiyo uongo? Si hivyo, na tusijidanganye kwa sababu inatupendeza. Zote mbili ni majibu sahihi ya maswali tofauti. Moja inajibu: ukimweka kwenye darasa la watoto wa kule, angesimama wapi? Nyingine inajibu: miongoni mwa watoto waliokulia mazingira kama yake, anasimama wapi? Mwalimu anayetaka kujua kama mtoto ana shida ya kipekee ya kujifunza anahitaji swali la pili. Ukitumia jibu la swali la kwanza, unaweza kumwita mzito mtoto ambaye yuko sawa na nusu ya darasa lake.

Kwamba mazingira yanagusa alama si dhana ya kujitetea. Robert Serpell alifanya utafiti, akautoa mwaka 1979, wa watoto wa Lusaka na watoto wa Manchester. Aliwataka wanakili maumbo kwa njia tofauti. Kwa kalamu na karatasi, watoto wa Uingereza walifanya vizuri zaidi. Kwa kutengeneza umbo kwa waya, watoto wa Zambia waliwashinda, maana mtoto wa Lusaka amekua akitengeneza magari ya waya. Kwa udongo wa kufinyanga walikuwa sawa. Angepima kwa karatasi peke yake, angeondoka na hadithi moja. Angepima kwa waya peke yake, angeondoka na hadithi ya kinyume chake.

Kaida zina mahali, na pia zina tarehe. James Flynn, aliyekuwa akifundisha New Zealand, alionyesha mwaka 1984 kwamba Wamarekani walikuwa wakipandisha alama kwa takriban pointi 3 kila miaka kumi. Aligundua hilo kwa kuangalia watu waliofanya kipimo cha zamani na kipya kwa pamoja: kwenye kile cha zamani walipata zaidi, kwa sababu walikuwa wanalinganishwa na watu wa zamani. Ndiyo maana vipimo husanifishwa upya kila baada ya miaka kadhaa, na 100 ya leo si 100 ya babu.

Na jambo hili halikuishia Ulaya na Marekani. Huko Embu, Kenya, watafiti waliwapima watoto wa vijijini wa kama miaka saba mwaka 1984, wakarudi eneo hilo hilo mwaka 1998 na kupima watoto wengine wa umri ule ule, kwa kipimo hiki hiki cha Raven cha rangi. Katika miaka 14 alama zilikuwa zimepanda sana. Damu ya watu wa Embu haikubadilika kwa miaka 14. Watafiti waliangalia mambo kama wazazi kujua kusoma, idadi ya watoto nyumbani, lishe na afya. Kwa kaida za 1984 mtoto wa 1998 angeonekana hodari, na kwa kaida za 1998 ni wa kawaida tu.

Kwa hiyo IQ isiyotaja kundi na mwaka ni kama mtu akuambie "nimekuwa wa tatu" bila kusema mbio zipi.

Namba ina upana

Kosa la tatu ndilo lililonitisha zaidi, kwa sababu linafanywa na watu waliosoma. Ni kuichukua 78 kama nukta, wakati kwa kweli ni eneo.

Mtoto yule yule akipimwa leo na wiki ijayo hatapata alama ile ile. Leo ameshiba, kesho hajala. Leo kabahatisha mawili, kesho kakosa mawili kwa haraka. Watunzi hupima kiasi cha kuyumba huko na kukitolea namba inayoitwa uthabiti, kati ya 0 na 1. Tuchukue uthabiti wa 0.90, ambao kwa vipimo ni mzuri. Kosa la upimaji linapatikana hivi:

```
15 x √(1 - 0.90) = 4.7
```

Ukitaka uhakika wa asilimia 95, unazidisha 4.7 kwa karibu 2, unapata kama pointi 9 kila upande. Basi ile 78 ni "mahali fulani kati ya 69 na 87". Soma tena. Upande wa chini, mtoto yuko mahali ambapo watu wanaanza kutaja ulemavu wa akili. Upande wa juu, yuko ndani ya kundi la kawaida ambalo hakuna mtu angemjadili. Karatasi iliyoandika 78 pekee imelificha hilo lote.

Kuna mahali ambapo upana huu ulikuwa suala la kufa na kupona, kwa maana halisi. Mwaka 2002 Mahakama Kuu ya Marekani iliamua kwamba mtu mwenye ulemavu wa akili hawezi kunyongwa. Jimbo la Florida likaweka mstari: ukiwa na IQ ya zaidi ya 70, mlango umefungwa, ushahidi mwingine hausikilizwi. Mfungwa mmoja, Freddie Lee Hall, alikuwa na alama ya 71. Pointi moja. Kesi yake ilifika Mahakama Kuu, na mwezi Mei 2014 majaji watano dhidi ya wanne waliamua kwamba Florida imekosea: alama ikiwa ndani ya upana wa kosa la kipimo, mtu lazima aruhusiwe kuleta ushahidi mwingine wa jinsi anavyoishi na kujimudu.

Majaji hawakusema kipimo ni takataka. Walisema kipimo kisomwe kama wenye taaluma wanavyokisoma. Na wenye taaluma hawatamki ulemavu wa akili kwa alama peke yake. Wanaangalia mambo matatu pamoja: alama iliyo chini sana, shida katika shughuli za kila siku ukilinganisha na wenye umri wake, na kwamba hali hiyo imeanza utotoni. Mtoto anayetumwa dukani akarudi na chenji kamili, anayewafundisha wadogo zake kucheza bao, ana ushahidi ambao hauko kwenye ile karatasi ya mistari mitatu.

Kwetu sisi wa supu na kudisko hili linaeleweka haraka. Nani hapa hajui tofauti ya 39 na 40? Lakini angalau chuoni kuna mtihani wa marudio. Mdogo wangu alipimwa mara moja, kwa asubuhi moja, maelekezo yakitolewa kwa Kiingereza alichoanza kukisikia mwaka juzi.

Tulichouliza

Nilimwandikia shangazi maswali manne ya kwenda nayo shuleni, na nayaweka hapa kwa yeyote ambaye nyumbani kwao kuna karatasi kama ile. Kaida zilizotumika ni za nchi gani na za mwaka gani? Kiwango cha kosa ni kipi, yaani namba inaanzia wapi na kuishia wapi? Mtoto alipimwa kwa lugha gani, na alikuwa katika hali gani siku hiyo? Na zaidi ya alama hii, kuna nini kingine kinachoonyesha kwamba anahitaji kurudia?

Shangazi alikwenda. Mwalimu, na hapa nimpe haki yake, alikuwa mtu wa kusikiliza. Kaida zilikuwa za Uingereza, na mwaka wake hakuujua. Kosa la upimaji hakuwahi kuambiwa kama lipo. Lakini kwenye swali la nne alikuwa na jibu: mtoto anasoma polepole mno, na hilo amelisema tangu muhula wa kwanza. Hapo shangazi ndipo alipoelewa kwamba kulikuwa na jambo la kweli la kushughulikia. Ilikuwa ni kusoma, si "akili", na kurudia darasa zima si dawa ya kusoma.

Wamekubaliana mtoto abaki darasani kwake, akae na mwalimu wa kusoma mara mbili kwa wiki, na watazame tena mwisho wa muhula. Ile 78 bado ipo kwenye faili lake. Shangazi alimwomba mwalimu aongeze mstari wa nne chini yake, naye akaandika kwa kalamu: kaida za Uingereza, kati ya 69 na 87 kwa makadirio, isitumike peke yake.